Kiungulia cha Usiku Hakitibiwi kwa Kuacha Maharagwe

Mjini Kitengela, mtu akisema kwamba usiku kifua kilimwaka moto hadi akaketi kitandani, hukumu hutoka kabla hajamaliza kueleza: una alsa. Nyuma ya hukumu huja masharti. Acha maharagwe, acha pilipili, nyanya usiziguse, kunywa glasi ya maziwa kabla ya kulala, ongeza mto wa pili, kisha pitia duka la dawa ununue omeprazoli. Masharti haya utayasikia kwa shangazi, kwa jirani wa ploti, kwa mhudumu wa duka la dawa, na mara nyingine hata kwa mtu aliyevaa koti jeupe. Mimi nayapinga. Wengi wanaoamshwa na kiungulia hawana kidonda chochote tumboni, vyakula walivyokatazwa havina hatia kubwa, na mambo mawili yanayoweza kuwarudishia usingizi hakuna aliyewauliza: wanakula saa ngapi, na kitanda chao kimelala vipi.

Tuanze na kinachotokea mwilini. Chakula hushuka kwa umio, bomba la nyama lenye urefu wa takriban sentimita 25 kutoka kooni hadi tumboni. Mwishoni mwa bomba hilo pana msuli wa duara unaobana kama kilango. Kilango hiki hulegea chakula kinapopita, lakini hulegea pia chenyewe kwa sekunde chache, hasa tumbo likiwa limejaa na kutanuka, na hapo ndipo asidi hupanda. Hata mtu mzima wa afya hupandiwa na asidi mara kadhaa kwa siku bila kujua. Mchana hadhuriki, kwa sababu ameketi au amesimama na asidi hurudi chini kwa uzito wake, na kwa sababu anameza mate kila mara, nayo mate hupunguza ukali wa asidi iliyobaki. Usiku kinga zote mbili huondoka. Tukilala tunameza mara chache mno, mate karibu hukauka, na umio umelazwa sambamba na tumbo. Jaza jerikeni maji, ifunge kifuniko kilicholegea, kisha ilaze ubavu: hutashangaa sakafu ikilowa. Asidi ambayo mchana ingeondoka upesi, usiku hukaa kwenye umio kwa muda mrefu, ikiuunguza.

Kidonda cha tumbo ni ugonjwa mwingine kabisa. Barry Marshall na Robin Warren wa Australia walipewa Tuzo ya Nobeli mwaka 2005 kwa kugundua kwamba bakteria aitwaye Helikobakta pailori huishi tumboni na kwamba ndiye anayesababisha vidonda vingi. Sababu nyingine kubwa ni dawa za maumivu kama diklofenaki na ibuprofeni, ambazo kwetu humezwa kama peremende kwa ajili ya mgongo na magoti. Maumivu ya kidonda kwa kawaida hukaa juu ya kitovu, chini ya mbavu, na mara nyingi huja tumbo likiwa tupu. Kiungulia hupanda nyuma ya mfupa wa kifua kuelekea kooni, huzidi mtu akiinama kufunga kamba za viatu au akilala chali, na pengine huleta maji machungu mdomoni. Hizi ni habari ambazo mgonjwa anaweza kuzitoa kwa dakika moja, kama ataulizwa.

Lakini haulizwi. Anatobolewa kidole, damu inawekwa kwenye kipimo cha haraka, na jibu linatoka kwamba ana bakteria. Bila shaka anaweza kuwa naye: katika nchi yetu watu wazima wengi mno wanaye, wenye kiungulia na wasio nacho. Tena kipimo hicho cha damu huonyesha kingamwili, ambazo hubaki hata baada ya bakteria kuuawa. Kipimo cha choo kinaweza kuonyesha maambukizi ya sasa. Basi mgonjwa hupewa antibayotiki mbili pamoja na omeprazoli kwa wiki mbili. Omeprazoli inampa nafuu, kila mtu anafurahi kwamba alsa imepona, na wiki chache baada ya dozi kuisha moto unarudi. Anaambiwa alsa yake ni sugu. Nimekutana na watu waliorudia dozi hiyo tena na tena, na wote bado walikuwa wanakula saa nne usiku na kupanda kitandani moja kwa moja.

Sasa vyakula. Mwaka 2006 madaktari watatu wa Marekani, Kaltenbach, Crockett na Gerson, walikusanya tafiti zilizokuwa zimefanywa kuhusu mienendo ya maisha na kiungulia, wakauliza ni ipi kati ya nasaha zetu za kila siku iliyothibitishwa kuleta nafuu. Zilizosimama zilikuwa mbili: kupunguza uzito, na kuinua kichwa cha kitanda. Kuhusu kuacha chakula hiki au kile hawakupata ushahidi kwamba kunasaidia. Hilo halimaanishi kwamba pilipili haimchomi yeyote. Mtu akiona chakula fulani kinamuumiza kila mara, na akiache. Ninachopinga ni kumnyima mama wa Kitengela maharagwe, protini ya bei nafuu anayoimudu, kwa kosa ambalo maharagwe hayakutenda. Yale maharagwe aliyokula saa saba mchana yalimkalia vizuri. Yaliyomuunguza ni yaleyale, yaliyoliwa saa tatu na nusu usiku.

Maziwa hutuliza kwa dakika chache yanapopita, kisha protini na kalsiamu yake hulichochea tumbo kutoa asidi zaidi, na mnywaji anakuwa amelijaza tumbo upya wakati uleule anapolala. Huku Kajiado tuna pia magadi, yanayotoka ziwa lililo ndani ya kaunti yetu wenyewe, na wapo wanaoyalamba au kuyakoroga kwenye maji kiungulia kikipanda. Ni kweli magadi huua asidi. Ni kweli pia kwamba yana sodiamu nyingi, jambo baya kwa mwenye shinikizo la damu, na yana floridi, ambayo maji ya visima vingi vya Bonde la Ufa yameshatupa ya kutosha. Na yakishaua asidi iliyopo, tumbo hutengeneza nyingine. Kilango bado kimelegea na umio bado umelala sambamba na tumbo.

Hoja yangu ya kwanza basi ni saa. Watafiti wa Osaka, Japani, walichapisha mwaka 2005 ulinganisho wa wagonjwa wa kucheua asidi na watu wasio na ugonjwa huo. Walikuta kwamba kulala kabla ya saa tatu kupita tangu chajio kulihusiana sana na ugonjwa, uwezekano wake ukiwa mara saba hivi kuliko kwa waliosubiri saa nne au zaidi. Uhusiano peke yake si uthibitisho wa chanzo, lakini unaafikiana na jinsi tumbo linavyofanya kazi. Katika kipimo cha hospitali cha mwendo wa chakula, mtu hupewa mlo mwepesi wa ute wa mayai na mkate. Baada ya saa mbili anaweza kuwa bado na zaidi ya nusu yake tumboni na akahesabika mzima, na ni baada ya saa nne ndipo inatarajiwa isibaki zaidi ya sehemu moja ya kumi. Huo ni mlo usio na mafuta. Sahani ya ugali, nyama ya kukaanga na chapati hukawia zaidi, kwa kuwa mafuta huchelewesha tumbo kujimwaga.

Hapa ndipo mshauri wa mjini anapoharakisha na kusema: haya, kula saa kumi na mbili jioni. Nani wa Kitengela atakula saa kumi na mbili jioni? Saa hiyo anayefanya kazi Nairobi yuko steji akisubiri gari, au amekwama kati ya Mlolongo na Athi River. Barabara ya Expressway iliyofunguliwa 2022 huwafaa wenye magari na wenye pesa ya ada. Wengi wetu tuko chini yake. Ushauri usiojali muda wa safari hautafuatwa, na mgonjwa akishindwa kuufuata ataitwa mkaidi.

Tumchukue mtu mmoja wa aina hii, tumfuate jioni nzima. Anatoka kazini saa kumi na moja na nusu. Anashuka Kitengela saa mbili kasorobo. Kufikia watoto wamekaguliwa kazi za shule na sufuria imetoka jikoni ni saa tatu na nusu. Mchana alikula mandazi mawili na chai ili kuokoa pesa, kwa hiyo sasa ana njaa ya siku nzima. Anakula mlima wa ugali, anashushia chai ya maziwa, na saa nne na robo amelala, maana saa kumi na nusu alfajiri lazima awe ameamka. Kati ya tonge la mwisho na mto hakuna hata saa moja. Moto unamwamsha saa saba usiku. Kila kitu katika jioni hii kinaeleza moto huo bila kuhitaji kidonda.

Tukimwambia asubiri saa tatu baada ya kula, atalala saa sita na nusu usiku na kuamka baada ya saa nne tu. Hiyo si tiba. Kinachowezekana ni kuuhamisha mlo mkubwa. Githeri au ugali na maharagwe viliwe saa saba mchana, hata kama ni kwa kubeba kwenye kontena. Saa kumi na moja na nusu, kabla ya kupanda gari, ale kitu cha kumshikilia: nduma, kiazi kitamu, mayai mawili ya kuchemsha, vitu vinavyouzwa karibu kila steji. Akifika nyumbani ale saa mbili na robo, chakula kilichobaki jana au kilichochemshwa Jumapili, nusu ya sahani aliyozoea, bila vya kukaangwa, na maji badala ya chai. Maharagwe yaliyochemshwa yakiwa tayari, mboga na ugali havichukui zaidi ya nusu saa. Akilala saa nne na nusu atakuwa amepata saa mbili na kidogo, na tumboni kutakuwa na kidogo. Haijafika saa tatu, lakini hali si ileile ya jana.

Wikendi nako kuna hesabu yake. Nyama choma ya Isinya au ya Kisamis huliwa polepole, pamoja na bia, mpaka giza. Pombe hukilegeza kilango zaidi na humlaza mtu mapema kuliko alivyopanga. Sina ugomvi na nyama. Iliwe saa nane mchana.

Pale saa inapotushinda, na Kitengela itatushinda mara nyingi, kitanda ndicho cha kuokoa hali. Hiyo ndiyo hoja yangu ya pili, na ndiyo ninayoona imepuuzwa zaidi, labda kwa sababu hakuna anayeiuza. Kitanda chote kiinuliwe upande wa kichwa, kwa inchi sita hadi nane, yaani sentimita 15 hadi 20. Nasema kitanda, sisemi mito. Mito miwili au mitatu huinua kichwa na shingo peke yake. Kifua kinabaki chini, mwili unakunjika kiunoni, tumbo linabanwa, na kubanwa huko huisukuma asidi juu. Mtu hulala usiku mzima kwenye mito mitatu na kuamka na kiungulia pamoja na shingo iliyokakamaa, kisha anasema kwamba kuinua kichwa hakumsaidii. Hakuwahi kuinua kinachotakiwa.

Kitanda cha kawaida kwetu, cha tano kwa sita, kina urefu wa futi sita, karibu sentimita 183. Kikiinuliwa inchi nane kichwani, mwinamo wake ni kama digrii sita. Ukipiga hesabu kwa urefu wa umio, koo linakuwa juu ya kilango kwa chini kidogo ya sentimita tatu. Ni kidogo, ndiyo, na wapo wanaocheka wakiambiwa. Lakini ni mwinamo unaofanya kazi usiku kucha bila kusahau, na asidi ikishapanda haina tena mahali tambarare pa kutuama. Mwaka 2012 watafiti wa India walichapisha matokeo ya wagonjwa wenye kiungulia cha usiku waliolala karibu wiki moja kwenye kitanda kilichoinuliwa kwa gogo la sentimita 20: muda wa asidi kukaa kwenye umio ulipungua, na usumbufu wa usingizi pia. Walikuwa wagonjwa wachache, kama ilivyo katika tafiti nyingi za jambo hili, na sitadai kwamba kila mtu atapona. Nadai tu kwamba jaribio lake halina gharama, na ni la haki kulifanya kabla ya dozi ya nne ya antibayotiki.

Mji wetu unajengwa kila kona, na jiwe la kuchongwa kwa mashine la inchi sita kwa tisa halikosekani. Lilaze kwa upana, ili kimo kiwe inchi sita na chini kukae ile tisa. Mawe mawili, moja kwa kila mguu wa kichwani. Juu yake weka kipande cha mpira wa gurudumu kuukuu ili mguu usiteleze, na kingine chini yake kama sakafu ni ya vigae. Bora zaidi ni fundi seremala akukatie magogo mawili ya mbao ngumu, ayachimbe tundu la kina cha inchi moja mguu uingie humo. Basi gogo la inchi tisa litakupa kimo cha nane. Kosa ninaloliona sana ni kusahau mguu wa katikati. Vitanda vyetu vingi vya tano kwa sita vina mguu wa kati unaobeba mbao za chaga. Ukiinua kichwa peke yake mguu huo unaning'inia, chaga zinapinda, na baada ya wiki kitanda kinalia au kinavunjika. Nao uwekewe nusu ya kimo: kichwani nane, katikati nne, miguuni sifuri. Ukimaliza, pima kwa futi kutoka sakafuni hadi kwenye ubao wa ubavuni, kichwani na miguuni. Tofauti ya vipimo hivyo viwili iwe imeongezeka kwa inchi sita au zaidi kuliko ilivyokuwa mwanzo. Anza na sita kwa wiki moja, mwili uzoee, kisha ongeza.

Malalamiko yatakuwapo. Mtu huteleza kidogo kuelekea miguuni, hasa shuka ikiwa laini. Shuka ya pamba nzito na mto mdogo chini ya mapaja hupunguza. Mwenzi wa kitandani naye anainuliwa ilhali haumwi, na huenda akakataa. Kwa mwenye mwenzi wa hivyo, na kwa anayelala kwenye deka, kuna sponji iliyokatwa kwa umbo la kabari: mwenye duka la magodoro huikata kwa urefu wa kutosha kuanzia kiunoni hadi kichwani, nene inchi nane upande wa juu na kuisha bapa upande wa chini. Sponji iwe ngumu, ile ya bei ya juu, maana laini hubonyea na kuwa mto wa kawaida kabla mwezi haujaisha. Na mtu alale ubavu wa kushoto. Tumbo limekaa mwilini kiasi kwamba ukilala kushoto kilango kinakuwa juu ya asidi, na ukilala kulia kinazama ndani yake. Mama mjamzito anayeungua usiku anafaidika na hayo yote bila kumeza kitu.

Kuna watu ambao hawapaswi kungoja mawe wala mbao. Anayehisi chakula kinakwama akimeza, anayekonda bila sababu, anayetapika damu au kupata choo cheusi kama lami, aende Hospitali ya Rufaa ya Kaunti ya Kajiado au ya Kitengela bila kuchelewa na aombe rufaa ya kipimo cha kamera. Kenya ina saratani ya umio kwa wingi; madaktari wa Tenwek, kule Bomet, wameihangaikia kwa miaka mingi, na wagonjwa wengi hufika wakiwa wamechelewa. Na maumivu ya kifua yanayokuja mtu akipanda ngazi, yakiwa na jasho jembamba, yakienda mkononi au kwenye taya, huenda ni moyo. Huyo asipewe dawa ya asidi na kuambiwa apumzike.

Aliyebaki, yaani mwenye kiungulia tu, ajipe wiki nne: mlo mkubwa mchana, chajio kidogo mapema iwezekanavyo, kitanda kimeinuliwa, ubavu wa kushoto. Aandike kila asubuhi kama aliamka usiku au la, na kando yake saa aliyokula na saa aliyolala. Kama mausiku ya moto hayapungui, omeprazoli ina nafasi yake, lakini imezwe inavyotakiwa: nusu saa hadi saa moja kabla ya kula, kila siku, kwa wiki nane, kwa maelekezo ya daktari. Ukiimeza saa saba usiku moto umeshawaka haitakufaa, kwa sababu hufunga pampu za asidi wakati chakula kinapoziamsha, na nguvu yake kamili huja baada ya siku kadhaa. Asipopata nafuu hata hivyo, aende na karatasi yake ya wiki zote hizo kwa daktari wa tumbo, na daktari aanze kwa kuisoma karatasi hiyo kabla ya kuagiza kipimo.